Robo Saa, na kwa Sababu Hii Tu

Barua ya kwanza niliyowaandikia wateja wetu wa ng'ambo ya mpaka ilikuwa na maswali ishirini na sita, na ilipata jibu moja. Jibu lenyewe lilikuwa swali. Mwenye duka mmoja wa Aru alikata kipande cha karatasi ya daftari, akaandika kwa Kifaransa safi kuliko changu: nimeshtakiwa na nani, na kwa kosa gani?

Hakuna aliyekuwa amemshtaki. Tulitaka kujua kwa nini hanunui tena sabuni yetu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimerudi Arua, upande wetu wa Uganda, na digrii, Kifaransa cha darasani na tabia ya kuuliza kila kitu, tabia ambayo katika chuo kikuu ilinipatia sifa na nyumbani ilinichosha mimi mwenyewe. Kazi pekee niliyoipata ilikuwa ya ukarani katika kiwanda kidogo cha sabuni. Wenye kiwanda wa zamani walikuwa wamefukuzwa nchini pamoja na Wahindi wengine, na sasa kilikuwa mikononi mwa sajini mstaafu ambaye hakuwahi kupika hata maji ya kunawa. Kila mtu alimwita Sajini, na yeye alipenda hivyo.

Aliyejua sabuni alikuwa mtu mmoja tu, mpishi wetu, Mwislamu wa Kuluba huko Koboko, aliyeanza kupika tangu enzi za wale wenye kiwanda wa kwanza. Aliyachemsha mafuta ya mbegu za pamba kwenye mapipa, akatia soda kali kidogo kidogo, akakoroga kwa mti mrefu, na alijua imeiva kwa kuangalia jinsi inavyodondoka kutoka kwenye ule mti. Kisha ilimwagwa kwenye kalibu za mbao, ikaganda, ikakatwa kwa waya kuwa miche, na kila mche ukapigwa muhuri wa nyota ubavuni. Nusu ya miche hiyo ilivuka mpaka kwenda kwa wenye maduka, misheni na zahanati za upande wa Zaire, ambako sisi tuliendelea kupaita Kongo.

Halafu Wakongo wakapunguza kununua. Mwezi wa kwanza kidogo, wa pili zaidi, wa tatu miche ikawa inapangwa ukutani hadi dirishani. Sajini hakuhitaji muda wa kufikiri.

"Mupishi ameharibu," alisema. "Anapika haraka-haraka, ama soda anauza kando. Mwezi ikiisha, yeye aende nyumbani."

"Umejuaje, mzee?"

"Sabuni nani anapika? Mimi?"

Nilimwambia hilo si ushahidi. Nilimwambia waliotuacha ndio wanaojua sababu, basi waulizwe wao. Alicheka. Mtu akiacha kununua, alisema, anaacha tu, haandiki barua. Nikamwambia ataandika tukimwomba. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi aliyepanda juu ya paa, kisha akasema sawa, wewe na Kifaransa yako, lakini mwezi ukiisha bila majibu, mupishi anaenda.

Kwa hiyo nafasi ya mtu yule ilining'inia kwenye barua yangu. Nilijua hivyo, nami niliiandika kama ninayeandika mtihani.

Naikumbuka ilivyoanza: « Messieurs, nous avons l'honneur de vous prier de bien vouloir nous communiquer, dans les meilleurs délais... » Mabwana, tuna heshima ya kuwaomba mtufahamishe mapema iwezekanavyo, na mambo ya namna hiyo, mistari saba mizima. Katika mistari hiyo yote sikusema tunataka kujua ili tufanye nini. Kisha maswali: jina kamili, mahali pa duka, unauza miche mingapi kwa mwezi, unanunua kwa nani mwingine, na kadhalika hadi ishirini na sita. Niliichapa kwenye stensili, nikazungusha mashine ya kurudufu katika ofisi ya shule moja ya Mvara ambako rafiki yangu alifundisha, na Sajini akazigonga zote kwa muhuri mkubwa wa kiwanda, kwa furaha, wino wa zambarau hadi kwenye vidole. Posta ya kuvuka mpaka haikuaminika, kwa hiyo tuliwapa madereva wa malori.

Nikangoja. Wakati nangoja nilikuwa nakwenda kila asubuhi kwenye mapipa na daftari langu kumwuliza mpishi maswali. Mafuta ndoo ngapi? Soda inaletwa na nani? Inakaa wapi? Jana ulimwaga saa ngapi? Nilitaka kuwa na kila kitu kwa maandishi ili Sajini asinishinde kwa kelele. Mpishi alijibu akiwa ameugeukia mti wake wa kukorogea. Siku za mwanzo alijibu kwa maneno mengi, baadaye machache. Niliona anachoka na moshi.

Wiki mbili zikapita, likaja lile jibu moja. Nimeshtakiwa na nani?

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Niliichukua ile karatasi na nakala ya barua yangu, nikaenda sokoni kwa mama mmoja wa Aru aliyehamia Arua na mumewe. Alikuwa anauza sabuni, chumvi na samaki wakavu, na alikuwa amesomeshwa na masista. Mara nyingi nilikwenda kwake kufanya mazoezi ya Kifaransa, naye alinisahihisha bila huruma mbele ya wateja.

Alisoma barua yangu kimya, midomo ikicheza. Alipofika kwenye muhuri aliishika kwa ncha za vidole.

"Iyi ni ya polisi?"

"Ni yangu, mama. Ya kiwanda."

"Yako!" Aliwaita majirani wa meza za pembeni. "Mukuje muone mwalimu! Anaandikia batu barua ya kuwafunga!"

Walikuja, na walicheka, na mimi nikasimama pale na digrii yangu. Walipomaliza kucheka akanivuta nikae kwenye kisanduku cha chumvi.

"Sikia, mutoto yangu. Kule kwetu juzi-juzi serikali iliandika maduka yote. Batu walikuja na karatasi: jina yako, duka iko wapi, unauzisha ngapi. Hawakusema wanatafuta nini. Kisha maduka mengine yakakwenda, serikali ikayakamata. Sasa weye unaleta karatasi: jina, duka, unauzisha ngapi. Na muhuri. Na unaita batu 'Messieurs', wakati kule ni 'citoyen' tu, mwananchi, hiyo ingine imekatazwa. Ungekuwa mimi, ungejibu?"

"Nisingejibu."

"Ungeichoma."

Nilibisha kidogo, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Nilisema mtu mwenye akili ataona ni kiwanda cha sabuni, kitamfanya nini? Akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza, mimi niliyejidai kuuliza yote: "Unataka kujua juu ya nini, sababu gani? Sema mbele yangu. Kwa mudomo."

"Ili tujue sabuni ina kasoro gani, tuitengeneze."

"Kazi yote ni hiyo?"

"Ni hiyo tu."

"Mbona haikuandikwa?"

Nadhani niliona ni jambo dogo mno, la aibu, kumwambia mtu waziwazi kwamba unamhitaji. Kifaransa nilichofundishwa kilikuwa cha kuficha haja nyuma ya heshima.

Tukaandika upya pale pale, yeye akisema, mimi nikibisha, mteja akija anapimiwa chumvi tunaendelea. Mistari ya kwanza ikawa hii: « Citoyen, nous fabriquons le savon que vous vendez. Depuis trois mois vous en prenez moins, et nous ne savons pas pourquoi. Nous voulons le savoir pour corriger le savon, et pour rien d'autre. » Sisi ndio tunaotengeneza sabuni unayouza, kwa miezi mitatu unanunua kidogo na hatujui sababu, tunataka kujua ili tuirekebishe, na si kwa lingine lolote.

Niliongeza kwamba kujibu kutamchukua dakika tano. Yeye akanyoosha mkono.

"Leta saa yako."

Nilimpa saa ya mkononi. Akachukua ile karatasi ya maswali, ambayo nilikuwa nimeipunguza hadi kumi, akaanza kujibu kama mwenye duka wa kweli. Alisoma kila swali kwa sauti, akamwuliza mumewe aliyekuwa amelala nyuma ya magunia, wakabishana, akatafuta kalamu nyingine, akauza samaki, akaandika. Nilikuwa naona aibu kuangalia saa. Dakika arobaini na moja.

"Dakika tano ni ya nani?" aliuliza. "Ya weye unayejua maswali. Mutu akiona umemudanganya hapo, ataamini wapi ile 'pour rien d'autre'?"

Nikakata maswali. Kila nililokata liliniuma, kwa sababu kila moja niliona lina maana. Jina likaondoka kwanza. Tulibaki na manne: Sabuni ikifika kwako ina kasoro gani? Wanunuzi wako wanasema nini juu yake? Ilianza lini? Ungependa tubadilishe nini kwanza? Siku ya pili tukampimia mumewe, mtu wa kusoma polepole. Dakika kumi na tatu. Basi tukaandika: kuna maswali manne, yatakuchukua kama robo saa, usiandike jina kama hutaki, jibu juu ya karatasi hii hii, dereva atapita siku ya soko kuichukua. Muhuri hatukupiga.

Sajini aliposikia habari ya muhuri alitaka kunipiga ngumi.

"Barua bila muhuri ni barua ya nini? Ya mapenzi?"

"Ile yenye muhuri ilileta nini, mzee?"

"Ilileta heshima!"

"Ilileta jibu moja."

Akahesabu kwa vidole, akaniambia siku zilizobaki ni tisa.

Madereva walizichukua. Siku ya nne baada ya hapo, asubuhi, nilikwenda kwenye mapipa na daftari langu na moto haukuwa umewashwa. Mti wa kukorogea ulikuwa umeoshwa na kusimamishwa ukutani. Mlinzi aliniambia mpishi aliondoka alfajiri na kifurushi chake, akapanda lori la Koboko. Hakusema neno.

"Unaona?" alisema Sajini. "Mwizi amekimbia."

Niliamini, kwa muda wa siku mbili. Siwezi kusema uongo hapa. Mimi niliyedai ushahidi kwa kila jambo nililala siku mbili nikifikiri: labda Sajini alikuwa sahihi, mtu asiye na kosa hakimbii.

Halafu siku ya soko ikafika, na lori la kwanza likaleta majibu kumi na mawili ndani ya bahasha iliyonuka samaki. La pili likaleta mengine sita. Ofisini hatukuwa na meza ya kutosha. Watu walijibu maswali manne, kisha wakageuza karatasi, wakajaza na nyuma. Mmoja wa misheni alichora mche wa sabuni. Sita walitia majina yao ingawa tuliwaambia si lazima. Mwisho wa karatasi moja mtu aliandika kwamba imemchukua dakika kumi na mbili, tusiwatishe watu na robo saa. Niliiona mara ya kwanza nikacheka peke yangu.

Na sababu ilikuwa ile ile katika karatasi karibu zote. Sabuni yenyewe ni nzuri, inatoa povu hata kwa maji ya kisima chetu. Nyota ndizo mbaya. Zamani mche ulikuwa na nyota sita ndogo. Mwenye duka alikata kati ya nyota na nyota, akapata vipande sita, na mnunuzi aliona kipande chake kina nyota nzima, akajua hajapunjwa. Sasa mche ule ule ulikuwa na nyota nne kubwa. Ukikata sita, unapasua nyota, na mnunuzi anakirudisha kipande chenye nusu nyota, anasema umekichonga ama umemletea ya kuiga. Ukikata nne, kipande kinakuwa ghali, hachukui. Kwa hiyo waliamua kuuza sabuni ya watu wengine.

Muhuri wa nyota nne ulikuwa umetengenezwa na Sajini mwenyewe kwa fundi wa mjini. Alitaka nyota ionekane toka mbali.

Nilimsomea moja baada ya nyingine, nikitafsiri. Alisikiliza akiwa ameweka mikono juu ya tumbo. Niliposoma ya saba akasema inatosha.

"Watu ya Kongo iko na shida," alisema. "Nyota kubwa iko muzuri."

Lakini kesho yake muhuri wa zamani ulitolewa stoo, ukapanguswa. Juu ya mpishi hakusema kitu. Nilipomwuliza akasema, "Si alikimbia mwenyewe? Nani atapika sasa?" kana kwamba mpishi ndiye aliyetukosea.

Nilisema nitakwenda Koboko kumrudisha. Alisema nenda, nauli yako.

Lori lilinishusha Koboko mchana, nikatembea hadi Kuluba nikiuliza njia. Nilimkuta shambani kwake anapalilia ufuta na mke wake na shemeji yake. Aliponiona, jembe lilibaki hewani kidogo, kisha akamwambia mkewe jambo kwa lugha yao na wale wanawake wakaondoka kuelekea nyumbani, haraka, bila kunisalimu. Nilifikiri ni adabu.

"Salaam aleikum, mzee."

"Waleikum salaam. Uko peke yako?"

"Peke yangu."

Aliangalia barabara nyuma yangu. Akaangalia mikono yangu. Nilikuwa nimebeba majibu ya wateja ndani ya lile daftari.

"Umekuja nayo, hiyo kitabu," alisema.

Nikaanza kueleza kwa haraka, barua, nyota, muhuri, sabuni yake haina kosa, Sajini amenyamaza. Aliacha nimalize. Jembe hakuliweka chini.

"Kijana," alisema, "wewe ilikuwa nakuja kila asubuhi. Wewe nauliza soda nani naleta. Nauliza mimi namwaga saa ngapi. Naandika. Hausemi wewe naandikia nani. Mimi niko na ndugu aliulizwa hivyo, na mutu ya kitabu. Hatujamuona tena. Mimi najua wewe ni mutu ya nani?"

Wiki nzima nilikuwa nimejivunia mistari ile ya Kifaransa. Nilikuwa nimewaeleza wenye maduka wa Aru, watu nisiowahi kuwaona, nauliza kwa sababu gani na itawachukua muda gani. Mtu niliyekuwa naulizia kwa ajili yake, aliyekuwa hatua kumi kutoka mezani kwangu, sikumwambia. Niliona ni wazi. Hata nilidhani moshi ndio unaomchosha.

Niliweka daftari juu ya udongo. Nikasema, polepole, kama mama wa sokoni alivyonifundisha: "Mzee, naomba nusu saa. Nataka nikusomee wateja wamesema nini, kisha nikuombe urudi kazini. Hakuna lingine."

Akaketi kwenye tuta.

"Nusu saa. Soma."

Nilimsomea yote kumi na manane. Kwenye ile ya povu na maji ya kisima alinisimamisha, akataka niisome tena, kwanza kwa Kifaransa hivi hivi ingawa hakijui, kisha kwa Kiswahili. Kwenye ile ya mtu aliyelalamikia robo saa alicheka hadi akakohoa. "Huyo ni mutu muzuri," alisema. Kwenye habari ya nyota nne alitikisa kichwa tu. Kumbe siku muhuri ulipoletwa aliwaambia wenzake wa mapipa kwamba Wakongo hawataupenda, kwa sababu alijua wanavyokata.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza soda. Haukuniuliza nyota."

Nilipomaliza nikamwambia Sajini hatamfukuza tena, muhuri wa zamani umerudi, mapipa yamepoa yanamngoja yeye. Alinitazama vizuri, bila ule woga wa mwanzo, na kwa sekunde chache nilikuwa na hakika kwamba atarudi.

"Sasa nimesikia sababu," alisema. "Sababu ni muzuri. Nami nakujibu muzuri. Hapana."

"Kwa nini, mzee?"

"Sajini alisema mimi mwizi. Yeye amekuja hapa? Ametuma neno?"

"Amenituma mimi."

"Alikutuma?"

Sikuweza kudanganya. Nilisema nauli ni yangu.

"Basi," alisema.

Nilibisha. Nilisema sabuni itaharibika, wateja watarudi kwa ajili yake, mtu wa kuchukua mahali pake hayupo Arua nzima. Nilitoa hoja nzuri kweli. Akasikiliza mpaka akachoka, kisha akanionyesha kivuli cha jembe lake kilivyosogea.

"Ulisema nusu saa."

Alisimama, akanipa mkono, akaita mkewe aniletee maji ya kunywa. Daftari langu aliniokotea yeye mwenyewe, akapangusa udongo kwenye jalada kwa kiganja, akanirudishia.

Niliporudi kiwandani Sajini alikuwa amesimama mbele ya mapipa na mtu mpya, wakikisia soda kwa bakuli.

"Mupishi alijibu?" aliuliza bila kugeuka.

"Amejibu," nilisema.